Iafoni ya kushoto imefifia baada ya miezi minane: mkulima kasema "saba", mimi nimeandika "haba"

Mchapaji_Nkuhungu

Wakuu habari za jioni. Nipo Dodoma, Nkuhungu, na kazi yangu ni kuchapa mahojiano. Watafiti wakirudi kutoka vijijini wananipa rekodi, nasikiliza na kuandika neno kwa neno.

Wiki iliyopita nilikuwa na rekodi ya mkulima wa alizeti kutoka Kongwa. Nikaandika "mwaka ule tulipata magunia haba". Mtafiti akanirudishia kazi, akaniambia mzee hakusema haba, alisema saba. Nikairudia rekodi kwa spika ya kompyuta na kweli ni saba, inasikika wazi kabisa. Hapo nikaanza kujiuliza ni mangapi mengine nimeyakosea bila mtu kugundua, na hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Iafoni zangu ni za Bluetooth, zile zenye vimpira vya silikoni vinavyoingia sikioni. Nimezinunua Novemba, sasa ni Julai. Upande wa kulia hauna neno. Wa kushoto unasikika kama mtu anayeongea huku kajiziba mdomo kwa kanga. Besi ipo, sauti ya mtu ipo, lakini s, sh na f ni kama zimefutwa. Nikiongeza sauti inakuwa kubwa tu, haiwi safi.

Niongeze kwamba huo wa kushoto ndio ninaoutumia zaidi. Nikiwa kwenye daladala navaa huo peke yake ili sikio la kulia limsikie konda. Je, ni uchafu, spika imechoka, au ni sikio langu? Nimeshafuta kwa kitambaa, hakuna kilichobadilika.

UDOM_Mwaka3

Dada huo ni uchafu wa sikio, usihangaike. Nenda duka la dawa nunua spiriti ya kusafishia vidonda, chovya kijiti cha pamba, sugua kwenye neti mpaka ing'ae. Zangu zilikuwa hivyohivyo, nikafanya hivyo juzi Jumamosi, zimerudi kama nimezitoa dukani.

Manyoni_Stendi

Hata mimi ya kushoto inanisumbua, nikiiweka kwenye kiboksi haichaji, asubuhi naikuta na asilimia sifuri wakati mwenzake imejaa. Nimeambiwa ni betri. Wewe ulibadilisha betri wapi?

Mchapaji_Nkuhungu

Ndugu yangu wa Manyoni, yangu inachaji vizuri, shida ni sauti. Lakini wajuzi watakusaidia pia.

Neti_na_Waya

Manyoni, kabla ya kulaumu betri angalia vile vidoti vya shaba kwenye iafoni na vile vya ndani ya kiboksi. Mafuta ya ngozi yakikutana na vumbi hufanya utando, umeme haupiti. Futa kwa pamba kavu pande zote mbili, kisha uiweke tena uone kama taa inawaka. Nusu ya zinazoletwa kwangu "betri imekufa" huwa ni hilo tu.

Sasa hili la dada. Mimi ni fundi simu, Majengo. Nimefungua iafoni nyingi, kwa hiyo niseme ninachokiona ndani. Ukitoa kimpira unakuta kishingo, na juu ya kishingo kuna neti. Wengi wanadhani baada ya neti ni spika moja kwa moja. Sivyo. Nyingi zina kitambaa chembamba sana chini ya neti, chembamba kuliko soksi ya kike, kazi yake ni kutuliza sauti kali. Spika iko nyuma ya hapo. Neti yenyewe imeshikwa kwa duara la gundi jembamba kama uzi.

Mdogo wangu wa UDOM, spiriti kweli inayeyusha nta. Swali ni nta iliyoyeyuka inakwenda wapi. Ukichovya pamba ikalowa chepechepe na kusugua, unachokiondoa juu kinabaki kwenye pamba, lakini sehemu inashuka na spiriti kwenye kile kitambaa. Spiriti ikikauka, nta inabaki palepale, safari hii imetandazwa. Unasikia nafuu siku chache halafu mambo yanarudi. Na ile gundi ya duara haipendi spiriti hata kidogo. Nimeletewa neti zilizong'oka zikabaki ndani ya kimpira.

UDOM_Mwaka3

Fundi, mbona yangu iko vizuri mpaka leo?

Neti_na_Waya

Leo ni Jumanne. Tupe taarifa baada ya wiki mbili.

Bodaboda_AreaA

Wakuu msije mkafanya nilichokifanya mimi. Navaa iafoni siku nzima chini ya helmeti, na mnajua vumbi la barabara za pembezoni kipindi hiki cha upepo. Ya kulia ikaanza kufifia. Nikapita kwa fundi pancha, nikamwomba anipulizie kwa ile mashine ya kujazia matairi. Akapuliza mara moja tu. Tangu siku hiyo inatoa sauti ya kukwaruza kila besi inapopiga, kama karatasi iliyochanika. Iafoni nilizolipia kwa akiba ya mwezi mzima.

Sikio_la_Kati

Pole sana kaka. Ule utando wa spika ni laini mno, upepo wa kompresa unaupiga ndani kwa nguvu ambayo haukutengenezwa kuihimili. Hata kuvuta kwa mdomo, ambako watu wengi hufanya, si kuzuri, maana unaacha unyevu wa pumzi na mate mahali ambapo hapakauki haraka.

Dada Mchapaji, mimi nafanya kazi kliniki ya masikio, upande wa vifaa vya kusaidia kusikia. Tatizo lako ndilo linaloletwa kwetu kila wiki. Mzee anakuja anasema mashine imekufa, tunafungua, tunakuta tundu la sauti limejaa nta. Tofauti ni kwamba mashine zile nyingi zina kichujio kidogo cha kuzuia nta ambacho hakisafishwi, kinatolewa na kuwekwa kipya. Iafoni za kawaida hazina hicho. Neti uliyonayo ndiyo hiyohiyo, ukiiharibu hakuna ya kubadilisha. Kwa hiyo usiiguse kwanza. Tujue tatizo liko wapi.

Maelezo yako tayari yanasema mengi. Umesema besi ipo ila s na sh zimepotea. Sauti za s ziko juu sana, na tundu likianza kuziba ndizo zinazopotea mapema. Baadaye ndipo sauti nzima inashuka. Ingekuwa kimpira hakikai vizuri sikioni, ungelalamika kinyume chake, kwamba besi imekwisha na sauti ni nyembamba kama redio ndogo, lakini s unazisikia. Ndiyo maana sishuku saizi ya kimpira.

Fanya hivi ukiwa chumba kimya. Jirekodi kwenye simu ukisema "sisi saba sasa hivi tunashusha shehena". Kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya Accessibility, washa Mono audio ili pande zote mbili zipate sauti ileile, na hakikisha kile kitelezi cha kushoto na kulia kiko katikati kabisa. Nimeshakuta watu wamekigusa bila kujua. Halafu sikiliza rekodi yako kwa kiwango kimoja cha sauti bila kukigusa.

Kwanza chukua iafoni ya kulia, ile nzima, uishike kwenye sikio la kushoto. Haitakaa vizuri kwa sababu ya umbo, ishikilie tu kwa kidole. Ikisikika safi, sikio lako halina shida. Pili, toa kimpira cha kushoto, uweke kishingo kitupu karibu na sikio. Usitegemee besi hapo, sikiliza s peke yake. Zikirudi, uchafu uko kwenye kimpira. Zisiporudi, uko kwenye neti au ndani yake. Tatu, mulika neti zote mbili kwa tochi ya simu, kwa pembeni na si kwa juu, ulinganishe.

Uje na majibu matatu.

Mama_Zabibu

Samahani naingilia. Mimi nilikuwa na hali kama hiyo hapa Hombolo, ila kwangu hilo jaribio la kwanza lisingefaulu maana shida ilikuwa sikio. Nilioga, maji yakaingia sikio la kulia, dakika hiyohiyo likaziba kama limetiwa nta ya mshumaa. Nikawa nalaumu iafoni za mwanangu. Nilihangaika na vijiti vya pamba siku tatu, ikazidi. Nilipokwenda kuangaliwa wakanionyesha kwamba nta ilikuwa imesukumwa hadi ndani kabisa. Wakanipa matone ya kulainisha, nikarudi baada ya siku kadhaa wakasafisha kwa maji ya uvuguvugu. Kutoka pale nilisikia hadi ndala zangu zikigusa sakafu.

Jirani aliniambia nitie mafuta ya alizeti ya moto. Naomba mtaalamu aseme, ni sawa?

Sikio_la_Kati

Shikamoo mama. Kilichokupata ni cha kawaida sana. Nta ikilowa maji huvimba, na iliyokuwa imeacha upenyo mdogo inaziba kabisa.

Mafuta ya moto hapana, sikio linaungua ndani na maumivu yake si ya kusimulia. Kwa kulainisha tunatumia mafuta ya zeituni yasiyochemshwa, matone machache kwa siku kadhaa, au matone ya duka la dawa. Na hata hayo, mtu ambaye sikio linatoa usaha, linauma, au aliwahi kuambiwa ngoma ya sikio ina tundu, asitie kitu chochote mpaka aangaliwe.

Niseme na hili maana linahusu uzi. Nta si uchafu. Inatengenezwa sehemu ya nje tu ya njia ya sikio, na ngozi yenyewe inaisogeza taratibu kuelekea nje, ikibeba vumbi ililolinasa. Mtu akivaa iafoni za kuziba saa nyingi kwa siku, anaizuia isitoke, na kila anapovaa anairudisha kidogo. Inayobaki mlangoni ndiyo inayopakwa kwenye neti. Na kwa wengi wetu Waafrika nta ni ya majimaji yenye kunata, si ile kavu inayobanguka kama magamba. Ikikutana na vumbi la huku inakuwa kama udongo wa kukandika.

Mama_Zabibu

Marahaba mwanangu. Nimeelewa, asante.

Mchapaji_Nkuhungu

Nimefanya yote matatu usiku huu. Iafoni ya kulia kwenye sikio la kushoto ni safi kabisa, s zote zipo. Nimeshukuru Mungu, maana hofu yangu kubwa ilikuwa sikio.

Kimpira cha kushoto nilipokitoa kulikuwa na nafuu ndogo, kama mtu kaishusha kanga kidogo lakini bado anayo mdomoni. Ndani ya kile kimpira nimekuta pete ya rangi ya kahawia imezunguka ukuta wote, na kusema kweli nimesikitika kwamba nimekuwa nikiweka kitu hicho sikioni kila siku.

Tochi ndiyo imenifumbua macho. Neti ya kulia ni nyeusi, vitundu vyote vinaonekana. Ya kushoto ina kitu cha njano iliyokolea kimefunika zaidi ya nusu, kama mwezi unaokaribia kujaa. Kinang'aa kama asali. Sehemu iliyobaki wazi ni ya upande mmoja tu.

Sikio_la_Kati

Basi tumeshajua. Sehemu ndogo ni kimpira, kubwa ni neti. Na habari njema ni kwamba bado inang'aa juu, maana yake iliyo nyingi iko juu ya neti, haijazama yote.

Usisafishe usiku huu. Nta iliyotoka sikioni sasa hivi ni ya joto na laini, ukiisugua unaipaka ndani ya vitundu. Wazee wetu wa mashine tunawafundisha wasafishe asubuhi, kifaa kikiwa kimelala nje ya sikio usiku kucha. Nta inakuwa imekauka na kukakamaa, inabanduka. Na Julai hii na baridi ya asubuhi ya Dodoma, una bahati.

Usiku huu osha vimpira tu, vikiwa vimetolewa kabisa kwenye iafoni. Maji ya uvuguvugu na tone la sabuni ya vyombo, geuza kimpira ndani nje kama soksi, sugua kwa kidole, suuza, kausha kwa kitambaa kisha uviache wazi hadi asubuhi. Usirudishe kimpira chenye unyevu, maji yatashuka kwenye neti. Kama kuna mtu anatumia vile vya sponji, visiloweshwe na visiguswe na spiriti, vinafutwa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, na vikianza kuchelewa kutanuka baada ya kubonyezwa vinabadilishwa.

Asubuhi chukua mswaki mpya wa mtoto, ule laini kabisa, mkavu. Shika iafoni neti ikitazama chini sakafuni, wewe ukisugua kutoka chini. Hili la kutazama chini ndilo watu wanaloliacha na ndilo kubwa kuliko yote. Ukisugua neti ikitazama juu, kila punje unayoibandua inaangukia ndani. Sugua kwa ncha za nywele, bila kukandamiza, kama unayefuta kope za mtoto mchanga. Kila baada ya sekunde kumi na tano hivi gonga kidogo kwenye kiganja, mulika tochi, uone. Usitumie sindano, pini wala kijiti cha meno, hata kama unaona punje moja imekaa vibaya. Neti ikibonyea inagusa kile kitambaa alichosema fundi.

Neti_na_Waya

Nakubaliana naye yote. Naongeza kwamba baada ya mswaki mimi hutumia ile gundi laini ya kubandikia karatasi ukutani, inauzwa maduka ya vifaa vya ofisi. Unakanda donge, unaligusisha kwenye neti na kulivuta moja kwa moja kwa nje. Linang'oa ambayo mswaki umeilegeza.

Sikio_la_Kati

Fundi, hapo ndipo tunapotofautiana. Nimeona gundi ile imebaki ndani ya vitundu, ikawa imeziba kuliko nta. Joto la mchana la hapa linailainisha, inakuwa kama bigijii.

Neti_na_Waya

Ndiyo maana naitumia asubuhi, na donge jipya, na sikandamizi. Gundi ya zamani iliyokaa mezani kwenye jua sigusi. Nimefanya miaka na miaka, sijawahi kuziba ya mteja. Lakini nakiri si kila mtu ana mkono huo.

Sikio_la_Kati

Mimi bado nisingemshauri mtu anayefanya kwa mara ya kwanza. Dada aamue mwenyewe.

UDOM_Mwaka3

Zangu zimeandikwa IPX4 kwenye boksi. Si ina maana haziingii maji? Kwa nini nisizioshe bombani tu tukamaliza?

Neti_na_Waya

IPX4 ni maji ya kurushiwa, jasho na manyunyu. Haikuahidi bomba wala kuzamishwa. Na ahadi hiyo ilipimwa kifaa kikiwa kipya, gundi yote ikiwa nzima. Wewe umeshaipitisha spiriti. Halafu maji ya visima vyetu hapa mjini yana chumvi, angalia sufuria yako ya chai ilivyoweka ukoko mweupe. Tone likikaukia kwenye neti linaacha ukoko huohuo kwenye vitundu.

Mchapaji_Nkuhungu

Taarifa ya asubuhi. Mswaki mkavu, neti chini, kama dakika nne kwa vipande vipande. Kwenye karatasi nyeupe niliyotandika zimeanguka punje za njano nyingi kuliko nilivyodhani, na vumbi jekundu. Ule mwezi umepungua, sasa umebaki ukingoni kwa upande mmoja. Gundi sikuitumia, mkono wangu ulikuwa unatetemeka kwa woga.

Kwa rekodi ileile na sauti ileile, sasa nasikia "saba". Ila bado kuna tofauti na ya kulia. "Tunashusha shehena" ya kushoto ina ukungu kidogo. Nitumie nini kwa iliyobaki ukingoni?

Sikio_la_Kati

Umefanya vizuri. Rudia kesho asubuhi bila kuongeza chochote, mara nyingi mswaki wa siku ya pili unatoa iliyobaki.

Ikigoma, kuna njia ya majimaji, lakini ina masharti. Apple kwenye maelekezo yao ya baadhi ya AirPods wanaruhusu maji ya kuondolea vipodozi, yale yanayoitwa micellar, yanauzwa maduka ya vipodozi. Wanachovya mswaki laini wa mtoto, wanasugua neti kama sekunde 15, wanageuza na kugusisha kwenye tishu, wanarudia mara mbili zaidi. Kisha wanafanya vilevile kwa maji safi yasiyo na chumvi kabisa ili kusuuza, na wanaacha ikauke angalau saa 2 kabla ya kuirudisha kwenye kiboksi. Maji hayo yanainyanyua nta kama sabuni inavyonyanyua mafuta, na tishu inaivuta nje.

Mswaki uwe na unyevu tu, usidondoke tone. Na neti chini muda wote.

Neti_na_Waya

Tahadhari mbili. Hayo ni maelekezo ya vifaa vyao ambavyo wamevitengeneza wakijua vitasafishwa hivyo. Za bei ya chini sithubutu kuahidi, nyingine kitambaa cha ndani kikilowa hakirudi kama kilivyokuwa.

Ya pili ni maji ya kusuuza. Watu huku watakimbilia maji ya betri ya gari. Yale ya kuongezea kweli ni maji yaliyosafishwa chumvi, lakini vituo vingine vinauza na asidi ya betri kwenye chupa zinazofanana. Msome chupa. Asidi hiyo ikigusa sikio lako ni balaa. Kama huna uhakika, nunua duka la dawa maji ya kuchanganyia sindano, vichupa vidogo, si ghali.

Bodaboda_AreaA

Na mimi wa kukwaruza, kuna dawa?

Neti_na_Waya

Kaka, ile spika imeshachanika au imebonyea. Hakuna kusafisha kutakakoitengeneza. Angalia kama aina yako inauzwa upande mmoja mmoja. Kama siyo, ni kununua nyingine. Na hiyo mpya ukiitoa sikioni usiiweke mfuko wa shati wenye vumbi, iweke kwenye kiboksi chake, nacho ukifute ndani. Kiboksi kichafu kinapaka neti kila unapokifunga.

Mchapaji_Nkuhungu

Siku ya tatu. Asubuhi ya pili ya mswaki imetoa kidogo tena. Maji ya vipodozi nimeamua kuyaacha, maana iafoni zangu si za AirPods na maneno ya fundi yameniogopesha. Neti kwa tochi sasa ni nyeusi yote isipokuwa kijimstari ukingoni.

Nimesikiliza tena rekodi ya mzee wa Kongwa kuanzia mwanzo, kwa spika ya kompyuta na kwa iafoni, nikasahihisha sehemu nne. Moja nilikuwa nimeandika "hatukufika" naye alisema "hatukusita". Nimemtumia mtafiti orodha yote na kumwomba radhi, pamoja na kazi mbili za Juni ambazo nitazirudia bila malipo.

Kilichobaki ni kwamba kushoto bado ni dhaifu kidogo kuliko kulia kwenye sh. Inawezekana ni kile kitambaa cha ndani?

Neti_na_Waya

Inawezekana sana. Iliyozama haitoki kwa mswaki. Ukitaka nifungue, neti inang'olewa, kitambaa kinabadilishwa, lakini baada ya hapo ile kinga ya jasho usiitegemee tena, na sauti ya pande mbili inaweza isilingane.

Sikio_la_Kati

Mimi nisingefungua. Tofauti ndogo kati ya pande mbili hata mpya zinakuwa nazo, na hukuwahi kulinganisha zilipokuwa mpya. Subiri wiki mbili ukiwa unasafisha kila asubuhi na unapima kwa rekodi yako ileile. Ikizidi kushuka wakati neti ni nyeusi, basi ni ya ndani. Ikibaki hapo, iache. Na kwenye daladala badilisha, leo kushoto, kesho kulia, ili sikio moja lisibebe yote.

UDOM_Mwaka3

Wakuu narudi, leo ni siku ya kumi na moja. Zangu zimeanza kufifia tena, pande zote mbili, na nikimulika tochi neti ni safi haina kitu juu. Fundi, ndiyo ile uliyoisema?

Neti_na_Waya

Ndiyo hiyo mdogo wangu. Neti safi na sauti imefifia, nta iko chini yake. Zilete tuzione, ila njoo asubuhi, na usiziguse na kitu tena kabla ya hapo.